Mjadala: Mwenye watazamaji wanne arushe gemu gani?

Mkorosho wa Ligula: Narusha Free Fire YouTube kwa kompyuta, mwezi sasa. Watazamaji 4, watatu ni ndugu zangu, na wote kimya. Niendelee na gemu kubwa au nitafute ya kucheza nao?

Wa Shangani: Ukiwa vitani chati huisomi, ndiyo maana wamenyamaza. Jaribu skribbl.io, inafunguka kwenye kivinjari bila kupakua kitu. Fungua chumba cha faragha, andika maneno yako, yasipungue 10, tenganisha kwa koma, kisha chagua yatumike hayo tu. Mimi niliweka korosho, bibo, pweza, ngalawa, sindimba na mengine. Mmoja anachora, wengine wanabahatisha. Mtu alichora bibo, watu wakaandika hoho, puto, moyo, hadi alipoongeza korosho yake chini. Tulicheka sana.

Ila zamu yako ikifika, maneno ya kuchagua yanatokea katikati ya skrini yako, na ulilochagua linakaa juu. Nilishangaa shemeji anapata kila ninachochora mimi, lakini wakichora wengine anakosa. Kumbe alikuwa analisoma kwenye strimu! Kwenye OBS, programu ya kurushia, weka `Scene` ya pili yenye picha tu, uhamie huko unapochagua, kisha ziba ile sehemu ya juu kwa picha ndogo.

Dogo wa Mikindani: Weka YouTube kwenye `Ultra low-latency`, ucheleweshaji wa strimu unaisha.

Wa Shangani: Unapungua, dogo, hauishi. Sekunde kadhaa zinabaki, na mtandao wako ukiyumba picha inakatakata. Afadhali waangalie mchoro kwenye gemu yenyewe, strimu iwe ya kukusikia tu.

Mwenye banda, Lindi: Hapa kwenye banda langu la gemu, mpira ndio unajaza watu. Mshindi anabaki, aliyefungwa anatoka, foleni mpaka nje. Mteja hachori pweza.

Binti Mitwero: Kaka, hao wako wamesimama nyuma ya kiti. Huyu watu wake wako na simu, na hakuulizia biashara ya banda. Lakini hilo la mshindi anabaki lingefaa hata kwenye eFootball: mtazamaji anasubiri zamu yake, haondoki. Ninachouliza mimi ni simu moja. Nikihamia kwenye gemu, YouTube inanyamaza.

Wa Shangani: Kweli, kama hulipii Premium. Kwenye Android gawa skrini, juu strimu, chini gemu. Herufi zinakuwa ndogo, ndiyo, lakini inachezeka.

Mkorosho wa Ligula: Na bando?

Wa Shangani: Ukirusha 720p kwa Mbps 3, ni kama GB 1.35 kwa saa. Shusha iwe 480p kwa Mbps 1, haifiki nusu GB. Mchoro haudai picha kali kama Free Fire.

Binti Mitwero: Bado sijaridhika. Hao wanne watafurahi, sawa. Wa tano atatokea wapi, kama hakuna anayeitafuta skribbl ya Kiswahili?

Mwenye banda, Lindi: Ndiyo nilichosema. Mpira.