Mrejesho: Wabia wanne wanaotumia jina la dobi langu

Niliuliza: "Nimewapa watu wanne wa miji mingine jina la dobi langu, sasa wateja wanasema nguo hazitoki sawa. Nifanyeje?"

Wakuu, ahsanteni sana. Kilichofanya kazi ni ule ushauri wa kulinganisha sabuni na mzigo. Sasa wote wanachukua sabuni kwangu, na kila mwisho wa mwezi naangalia kilo walizofua kwa lita walizotumia. Kwangu lita 2 hufua kilo 100. Mmoja wao alikuwa anafua kilo 190 kwa lita hizo hizo 2. Nilipofika nikakuta dumu limeongezwa maji, na mashati meupe yana ukanda wa njano kwenye kola. Amejirekebisha, na malalamiko kwake yamekwisha.

Ule ushauri wa kuwapelekea kitambaa cha majaribio wakifue ulisaidia kidogo tu, maana walijua ni changu wakakifua kwa uangalifu. Bora kumtuma mtu wasiyemjua na shati lake.

Kwa wa nne nimeshindwa. Alikataa ukaguzi, nikavunja mkataba, lakini haukusema kibao kishushwe lini, na jina sikuwa nimelisajili kama alama ya biashara. Kibao bado kipo, inaniuma. Maombi ya usajili nimeshapeleka, na wale watatu wamesaini kipengele cha kushusha kibao ndani ya siku 7.