Tupeane uzoefu: tumbo linajaa gesi ukila, unatibiwa, linarudi

Mama Ujiji: Wapendwa, naanza mimi. Nikila ugali wa muhogo na maharage, haipiti saa moja tumbo limevimba hadi nalegeza fundo la kitenge. Hospitali moja walinipa dawa za vidonda vya tumbo bila kunipima. Nilipokwenda Dar kwa mwanangu ndipo nikapimwa pumzi. Siku moja kabla niliruhusiwa wali mweupe na samaki wa kuchemsha tu, usiku sikula kitu. Asubuhi nikanywa glukosi gramu 75, nikawa napuliza kila dakika 20. Gesi ya haidrojeni kwenye pumzi ilianza 6, dakika ya 60 ikafika 34. Nikapewa antibayotiki ya wiki mbili, tumbo likatulia kabisa. Mwezi wa tano likarudi vilevile. Nani mwingine limemrudia?

Bin Kasulu: Dada, hukumaliza dozi. Mimi nilipuliza mara mbili tu, wakakuta bakteria, nikameza dawa siku 14 na sijasumbuka tena.

Mama Ujiji: Nilimaliza kaka, pakiti tupu ninazo.

Tabibu wa Tabora: Bin Kasulu, wewe ulipimwa yule bakteria wa vidonda, anayekaa kwenye mfuko wa chakula. Dada alitafutiwa bakteria waliojazana kwenye utumbo mwembamba. Wakichachusha sukari hutoa gesi, inaingia kwenye damu na kutokea kwenye pumzi. Haidrojeni ikipanda 20 au zaidi juu ya ilipoanzia, ndani ya dakika 90, tunahesabu wapo. Yeye ilipanda 28.

Kurudi tunakuona sana. Antibayotiki inawapunguza bakteria, haigusi kilichowapa nafasi ya kuzaliana. Utumbo ukiwa mtupu hujifagia wenyewe, kila dakika 90 hadi 120 hivi. Kisukari cha miaka mingi kinaweza kuulegeza ufagio huo, na makovu ya upasuaji yanaweza kuubana utumbo, masalia yakatuama. Dada, umewahi kupasuliwa? Na zile dawa za vidonda uliacha?

Mama Ujiji: Nilipasuliwa 2016, utumbo ulijisokota. Omeprazoli nameza kila asubuhi mpaka leo. Hakuna aliyeniambia niache.

Tabibu wa Tabora: Basi una njia mbili za kuchunguza. Asidi huua bakteria wengi kabla hawajashuka, na omeprazoli inaipunguza. Usiikate ghafla, kiungulia kitakurudia kwa nguvu. Daktari aone kama bado unaihitaji. Makovu yanahitaji uchunguzi wake. Ukitapika, au choo na gesi vikigoma kutoka, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.

Binti Cheyo: Mimi kwenye kipimo cha pumzi nilinyweshwa sukari ya laktulosi badala ya glukosi, kikasema bakteria hao ninao. Dawa haikunisaidia hata kidogo.

Tabibu wa Tabora: Laktulosi hainyonywi njiani. Utumbo wako ukiwa na mwendo wa kasi, inafika utumbo mpana kabla ya dakika 90, na kule bakteria ni wengi kwa kila mtu. Huenda hukuwa na tatizo hili tangu mwanzo.

Binti Cheyo: Sasa kinachonivimbisha ni nini?

Mama Ujiji: Swali lako hilo lisipotee, mdogo wangu. Mimi Jumatatu naenda na pakiti zangu na karatasi ya upasuaji, nitarudi hapa kuwaeleza.