Kodi iliyoahirishwa kwenye mabasi: ni deni la kweli au ni namba za vitabuni tu?

Mwanahisa wa Moro: Nina hisa kwenye kampuni ndogo ya mabasi. Mwanzoni mwa mwaka jana tulinunua basi letu la kwanza, la abiria zaidi ya 50, kwa shilingi milioni 400. Hesabu zinaonyesha faida kabla ya kodi milioni 120 na kodi milioni 36. Lakini risiti za TRA jumla yake ni milioni 21 tu. Zile 15 zimeandikwa kodi iliyoahirishwa, na gawio letu limepungua kwa sababu hiyo. TRA haijazidai. Kwa nini kampuni ndogo ilazimishwe kuandika deni ambalo hakuna anayelidai?

Mkaguzi Mstaafu: Ndugu, milioni 15 hazijaenda popote, ziko benki kwenu. Mhasibu wenu ameligawa basi kwa miaka 8, kwa hiyo kila mwaka anakata uchakavu wa milioni 50. TRA haiutambui uchakavu huo. Wakati wa kukokotoa kodi unarudishwa wote kwenye faida, halafu sheria inawapa posho yake ya uchakavu, kiasi cha kutoa kwenye faida kabla ya kodi. Basi la abiria 30 na kuendelea liko daraja la pili, asilimia 25 ya salio kila mwaka. Mwaka wa kwanza posho ni milioni 100. Kabla ya uchakavu mlikuwa na milioni 170. Toa 100, zinabaki 70, asilimia 30 yake ni 21. Hiyo ndiyo risiti uliyoiona.

Sasa tazama basi lenyewe mwisho wa mwaka. Vitabuni lina thamani ya milioni 350, kwa TRA lina milioni 300. Maana yake kuna milioni 50 ambazo vitabu bado vitazikata kama gharama miaka ijayo, ila TRA imeshawapa mapema na haitawapa tena. Asilimia 30 ya 50 ni 15. Mmekopeshwa muda, hamjasamehewa.

Kijana wa Buza: Mzee, hapo kwenye "mmekopeshwa" ndipo ninapokwama kila siku. Mkopo una mkopeshaji na una tarehe. Hili halina vyote viwili. Kampuni ikinunua basi jingine mwakani, na jingine mwaka unaofuata, posho mpya inaficha upungufu wa basi la zamani na deni linapanda tu. Nimepiga hesabu: basi moja kila mwaka kwa bei ileile, kufika mwaka wa 6 umeandika deni la karibu milioni 109. Nani amewahi kulilipa? Wanahisa wananyimwa pesa kwa ajili ya kitu ambacho hakitakuja.

Mama Lulu: Hata mimi naunga mkono kodi iahirishwe. Niliomba ofisi ya kodi ya kwetu nilipe kidogokidogo baada ya duka kuingia maji, nikazungushwa miezi, na riba ikawa inahesabiwa. Kama kampuni za mabasi zinaahirishiwa bila riba, kwa nini sisi wa maduka hapana?

Mkaguzi Mstaafu: Pole sana dada. Lakini lako ni jambo jingine. Wewe kodi yako ilikuwa imeshafika siku ya kulipwa, ukaomba muda. Hawa hawajaomba chochote, kodi yao ya mwaka wamelipa yote. Neno moja, mambo mawili. Na kama unalipa kwa makadirio ya mauzo, uchakavu hauingii kabisa kwenye hesabu yako, hata ukinunua friji kumi.

Mama Lulu: Kwa hiyo friji langu lililokufa halinisaidii kitu. Haya, nimesikia. Endeleeni na mabasi yenu.

Bwana Leja: Kijana wa Buza anasahau kwamba tofauti hizi ni za muda. Basi likifika mwisho wa miaka yake 8, vitabuni ni sifuri, kwa TRA ni sifuri, na kodi iliyoahirishwa ni sifuri. Mizani inakaa sawa. Hakuna cha kubishana.

Mkaguzi Mstaafu: Nusu ya maneno yako ni sahihi, Bwana Leja. Muda ni kweli. Ila asilimia ya salio haifiki sifuri mwaka wa 8, hebu ifuatilie. Deni linaanza 15, linapanda 22.5, mwaka wa 3 linafika kileleni kwenye milioni 24.4. Halafu linashuka: 22, kisha 16.5, kisha 8.6. Mwaka wa 7 linavuka upande wa pili, kwa sababu vitabuni basi limebaki na milioni 50 lakini kwa TRA lina 53. Mwisho wa mwaka wa 8 vitabu vinasema sifuri, TRA bado ina milioni 40 za posho ambazo hamjazitumia. Hapo si deni tena, ni mali ya kodi ya milioni 12. Nimewaona wahasibu wanaofuta kila kitu mwaka wa 8 ili leja ionekane safi, wakaacha posho halali nje ya vitabu.

Na hili ndilo jibu langu kwa Kijana wa Buza. Umesimama mwaka wa 6. Songa mbele. Ukinunua basi moja kila mwaka kwa bei ileile, mwaka wa 7 jumla inashuka mpaka 108, mwaka wa 8 inafika 96. Haipandi milele. Ili iendelee kupanda, lazima mnunue mabasi mengi zaidi kila mwaka, au bei iwe inapanda.

Kijana wa Buza: Na bei za mabasi haziachi kupanda, mzee, unajua mwenyewe. Lakini nakubali, hesabu yangu niliikatia mahali panaponifaa.

Afisa Mikopo: Niseme kwa upande wa benki. Dukani kwako unadaiwa na msambazaji wa unga, unamlipa, unachukua mzigo mwingine. Jumla ya deni haishuki mwaka mzima, na hakuna anayesema si deni. Kila basi lina deni lake na linalilipa, ila la jirani linakuwa limeanza. Mimi nikipokea hesabu za kampuni ya usafiri ninaomba ratiba ya basi mojamoja. Kampuni ikiacha kununua, miaka mitatu baadaye kodi yake inapanda wakati biashara haijakua hata kidogo.

Chukua hilihili basi la Moro. Mwaka wa 5 posho ya TRA imeshuka mpaka milioni 31.6. Mapato yakibaki yaleyale, kodi ya kulipa ni milioni 41.5 kwa faida ileile ya 120. Kama mwaka wa kwanza mligawana zile 15, aliyenunua hisa mwaka wa 4 ndiye anayeumia, na hata hakuwepo.

Mwanahisa wa Moro: Hapo nimeelewa kitu. Lakini bado: milioni 15 zitakazorudi kidogokidogo baada ya mwaka wa 3, bila riba, si sawa na milioni 15 za leo. Mbona tumekatwa zote kamili?

Mkaguzi Mstaafu: Hilo ndilo swali zuri kuliko yote hapa, na sina jibu litakaloridhisha. IAS 12, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa kodi, inakataza kabisa kulishusha deni hili kwa thamani ya wakati. Sababu inayotolewa ni kwamba ungehitaji ratiba ya kila mali na mwaka wake wa kugeuka, na kwa kampuni nyingi hiyo ni kazi isiyoisha. Uingereza waliruhusu hiari hiyo kwenye kiwango chao, FRS 19, kilichotoka 2000. Kwa kampuni yenye basi moja, ratiba ni ukurasa mmoja, kwa hiyo sababu ya ugumu haiwahusu. Sheria ni ileile hata hivyo.

Kamau wa Thika: Huku Kenya tuliona jambo lingine. Aprili 2020 kodi ya makampuni ilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25. Kampuni inayofunga hesabu Juni, yenye tofauti ya milioni 90, deni lake lilitoka 27 hadi 22.5, na zile 4.5 zikaingia kwenye faida bila kuuza kitu. Kisha kiwango kikarudishwa 30 kuanzia Januari 2021. Waliofunga Desemba 2020 walilipa kodi ya mwaka kwa 25 lakini wakapima deni la mbele kwa 30, kwa sababu sheria ilikuwa imeshapita. Mkurugenzi mmoja aliniuliza kama nimekosea kunakili. Deni gani hupanda na kushuka Bunge likipiga kura?

Kijana wa Buza: Asante Kamau. Na tukiongea Uingereza, wataje yote. Kuanzia 1978, chini ya kiwango chao cha SSAP 15, kampuni iliandika sehemu tu iliyotarajiwa kweli kulipwa. Na leo kampuni zao ndogo kabisa zinazofuata FRS 105 zimekatazwa kuandika kodi iliyoahirishwa. Si kwamba zimeruhusiwa kuiacha. Zimekatazwa. Sisi kiwango cha uhasibu cha kampuni ndogo na za kati kinaidai, hata kwa kampuni ya basi moja.

Mkaguzi Mstaafu: Ni kweli, na ile njia ya 1978 niliisoma chuoni. Iliachwa kwa sababu kila mkurugenzi alitarajia kununua mali milele, hivyo deni likawa dogo kwa wote wenye matumaini makubwa. Ila FRS 105 ni hoja nzito. Kampuni ikiwa na wamiliki wawili wanaojuana, sioni inamlinda nani. Ikiwa na wanahisa kama huyu ndugu yetu, wanaoingia na kutoka, ningeidai.

Afisa Mikopo: Mimi ningeidai kwa wote. Tukiruhusu waiache, nitaandaa ratiba mwenyewe kwa kila mwombaji.

Kijana wa Buza: Iandae basi. Mshahara wako unatokana na riba, gawio letu halina mlipaji mwingine.

Mwanahisa wa Moro: Swali la mwisho. Mwenyekiti anataka kuliuza hili basi mwanzoni mwa mwaka wa 4 kwa milioni 260. Deni la 24.4 linaenda wapi?

Mkaguzi Mstaafu: Hapo ndipo mtakapomwona mdai. Vitabuni basi litakuwa na milioni 250, kwa hiyo mhasibu ataandika faida ya 10. Kwa TRA mali zote za daraja moja zinahesabiwa kwenye fungu moja, na fungu la daraja hilo lina 168.75. Bei ya kuuza inatolewa kwenye fungu, na kwa kuwa ni kubwa kuliko fungu, ziada ya milioni 91.25 inaingia kwenye mapato ya kodi mwaka huohuo. Asilimia 30 yake ni 27.4. Ndani yake mna zile 24.4, na 3 ni kodi ya faida ya 10.

Lakini mkinunua jingine mwaka huohuo kwa bei ya kutosha, gharama yake inaingia kwenye fungu lilelile na ziada haitokei. Muulizeni mwenyekiti tarehe ya ununuzi, hata kabla ya bei. Na muombe mhasibu aoneshe kuwa salio la fungu kwenye ritani ya TRA ndilo lililotumika kwenye maelezo ya hesabu. Mara nyingi namba hizo mbili hazifanani, kwa sababu wameondoa basi lililouzwa kwa thamani ya vitabuni badala ya bei ya kuuzia.

Kijana wa Buza: Umeona? Akinunua jingine, mdai anapotea tena.