Kukata vitenzi vya Kiswahili: BPE, unigramu au kichanganuzi cha mofolojia?

Mwanaisimu_Moro
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa modeli ndogo ya lugha kwa matini ya Kiswahili ambayo si nyingi, na sijaamua nitumie njia gani ya kukata maneno katika vipande. Ninalinganisha BPE, unigramu na kichanganuzi kilichoandikwa kwa kanuni. Ninataka kujua ni ipi inayoonyesha muundo wa kitenzi, na ni ipi inayouficha.

Bakari_Pwani
Chukua unigramu. BPE huunganisha tu herufi zinazofuatana mara nyingi, ilhali unigramu huanza na orodha kubwa ya vipande na kuvipunguza kwa kupima uwezekano wa matini nzima, kwa hiyo itakupatia mizizi na viambishi vyenyewe. Unaweza kuzijaribu zote mbili kwa kubadilisha neno moja tu la amri:

```
spm_train --input=matini.txt --model_prefix=jaribio \
  --vocab_size=8000 --model_type=unigram
echo "wanasoma" | spm_encode --model=jaribio.model
```

Mhariri_Kamusi
Ndugu Bakari yuko sahihi kuhusu namna unigramu inavyofanya kazi, lakini hitimisho lake limezidi kipimo. Tuchukue maneno matano: anasoma, anapika, anacheza, wanasoma, wanapika. Jozi zinazotokea zaidi ni «an» na «na», mara tano kila moja, kwa hiyo BPE ikianza na yoyote kati ya hizo, kufikia hatua ya pili imekwisha kuunda kipande «ana». Tangu hapo «wanasoma» haliwezi kukatwa wa|na|soma, kwa sababu irabu ya kiambishi cha nafsi imemezwa pamoja na njeo, na «w» imebaki peke yake. Unigramu nayo haina kizuizi dhidi ya kosa hilo, kwa kuwa «ana» ni kipande chenye faida kubwa kwake pia. Mara nyingi hukaribia mofimu kuliko BPE, ila hukaribia kwa sababu ya takwimu, wala haijui mofimu ni nini.

Tena, mpaka sahihi hautoshi. Kitenzi «hawajui» kikikatwa hawa|jui, kipande cha kwanza ni kilekile cha «hawa watoto», chenye namba ileile katika orodha, na ukanushi haumo popote. Vivyo hivyo «ku» ya «hatukusoma» ni njeo, ya «nitakusomea» ni mtendwa, na ya «kusoma» ni ya kitenzi-jina.

Gumu kuliko yote ni «anguka» na «angusha». K ya mzizi na kiambishi cha kutendesha vimeyeyuka pamoja vikawa «sh», kama katika ruka na rusha, waka na washa. Ukikata angu|sha umeipoteza k, na ukikata angush|a umeficha utendeshaji. Hapa hakuna mahali sahihi pa kuweka kisu.

Juma_wa_Apu
Samahani wakuu, mimi ninalipia huduma ya modeli kwa hesabu ya tokeni, na sentensi yangu ya Kiswahili hula tokeni nyingi kuliko ya Kiingereza. Nikihamia unigramu, gharama itashuka?

Mhariri_Kamusi
Hapana, ndugu Juma. Modeli iliyokwisha kufunzwa imefungamana na orodha yake ya vipande, nawe huwezi kuibadilisha kutoka nje. Swali letu linamhusu anayefunza modeli upya.

Mkazi_Kigali
Kwetu Kinyarwanda kina shida hiyohiyo: «umwana» ni u-mu-ana, lakini u ya «mu» imegeuka w. Ndiyo maana KinyaBERT ya mwaka 2022 ilitumia kichanganuzi, ikaipa modeli mofimu zenyewe badala ya vipande vya herufi. Kwa Kiswahili ipo kazi ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambayo ni kichanganuzi cha kanuni. Ugumu wake ni maneno mapya na ya mitaani ambayo kamusi ya kichanganuzi haiyajui. Hayo bado yatahitaji BPE kando.

Mwanaisimu_Moro
Ahsanteni. Nikikata vitenzi mia kadhaa kwa mkono, kisha nikahesabu ni mipaka mingapi inalingana na ya kila njia, kipimo hicho kitatosha?

Mhariri_Kamusi
Kitakuonyesha kosa la «ana», dada, nacho ni rahisi. Hakitakuonyesha lolote kuhusu «ku» tatu, kwa sababu mipaka yake yote inaweza kuwa sahihi. Kwa hilo andaa jozi za sentensi, «anasoma» na «hasomi», «ameangusha» na «ameanguka», uangalie kama modeli inazitofautisha. Vitenzi vya aina ya «angusha» viweke katika fungu lake, visije vikaharibu wastani.

Bakari_Pwani
Nimekubali kuhusu «ana». Lakini kuhusu «ku» sijashawishika: modeli husoma vipande jirani, na «hatu» ikitangulia, maana ya «ku» inajulikana. Matini ikiwa nyingi, tatizo hilo litakwisha lenyewe.

Mkazi_Kigali
Ikiwa nyingi, ndiyo. Dada amesema yake si nyingi, na kitenzi chenye mtendwa, njeo na kauli mbili za mnyambuliko huenda kikatokea mara moja tu katika matini yake yote.