Tupeane uzoefu: ni wapi hospitalini ulipokata tamaa?

Mpima_Saa: Wandugu, nafanya kazi ya ubora wa huduma kwenye kituo cha afya daraja la nne, huku Nile Magharibi, Uganda. Tunachora ramani ya safari ya mgonjwa wa nje, tangu anapoingia getini mpaka anapotoka. Wiki jana niliambatana na mzee mmoja mwenye homa. Kila alipofika, niliandika saa nyuma ya daftari lake. Alifika saa 1:10 asubuhi. Akaandikishwa saa 2:35, akamwona tabibu saa 4:20, akatolewa damu saa 4:50. Tabibu alimwona tena saa 7:15 mchana, na saa 7:50 akasimama kwenye dirisha la dawa, akaambiwa dawa ya malaria imekwisha.

Hizo ni saa 6 na dakika 40. Nilipojumlisha dakika ambazo mtu alikuwa akimhudumia kweli, nikapata 14. Ila saa yangu inaonyesha alipokaa, haionyeshi palipomuuma. Nyie mliopita huko niambieni: ilikuuma wapi, na ni wapi uliposema "bora nirudi nyumbani"?

Mama_Pacha: Foleni ya pili! Umeshamwona musawo, umetoa damu, unadhani umemaliza. Kumbe unarudi kwenye benchi lile lile, nyuma ya watu waliokuja baada yako. Mimi niliondoka na karatasi ya majibu mkononi. Nikaenda duka la dawa, muuzaji akasoma, akanipa dawa. Mpaka leo sijui kama zilikuwa sahihi.

Opio_wa_Stendi: Safari kweli ni ngumu. Kutoka kijijini kwetu bodaboda ni shilingi 8,000, na mvua ikinyesha wanapandisha hadi 12,000. Kuna daraja pale bondeni, kila mwaka linaahidiwa.

Karani_Mstaafu: Opio, hawazungumzii barabara.

Mpima_Saa: Mwacheni. Mzee wangu naye alilipa boda kwenda na kurudi kwa dawa ambayo haikuwepo. Ramani yangu inaanzia getini, hilo ni kosa langu. Yeye safari yake ilianzia kwenye kuhesabu pesa usiku.

Karani_Mstaafu: Dawa ya foleni ni namba. Kila mtu apewe namba asubuhi, basi. Tulifanya hivyo na vurugu ikaisha.

Dada_Busia: Kwetu namba ziliuzwa. Kijana anafika alfajiri, anachukua namba tano, ukija na mtoto anakuuzia. Nilinunua ya nne kwa shilingi 2,000 na nikaona nimepata bahati.

Kwaheri_Foleni: Manesi ndio tatizo. Wanakaa wanapiga soga, ukiuliza wanakujibu kama umewakopa.

Nesi_Zamu_Moja: Wewe Kwaheri, umewahi kushika zamu peke yako? Leo nilikuwa mimi, wa kupimwa presha, sindano na chanjo za watoto. Huo uliouita soga, nilikuwa namuuliza mwenzangu pamba iko wapi.

Kwaheri_Foleni: Na pamba mwatuambia tununue!

Nesi_Zamu_Moja: Andika nimeificha nyumbani basi. Ada za matibabu kwenye vituo vya serikali zilifutwa 2001, mkasikia "bure". Mimi ndiye ninayesimama mbele yenu kueleza kwa nini bure haina pamba.

Mama_Aisha: Samahani nawakatiza. Nimesoma neno "getini" nikaanza kutetemeka.

Mwanangu alikuwa na miaka miwili. Usiku kucha homa, asubuhi hanyonyi, kila anachomeza anatapika. Nikafika getini nimembeba, nikamwambia askari huyu mtoto ni mgonjwa sana. Akasema, "Wote hapa ni wagonjwa mama, shika mstari." Nikashika. Mstari wenyewe ulikuwa wa kuandikishwa. Meza ya kupima joto na uzito ilikuwa baada ya hapo, hufiki huko mpaka jina lako liingie kitabuni. Wale walionitangulia walikuwa kama thelathini. Mtoto akawa ananilegea begani, na mimi nikafikiri amepata usingizi, hata nikashukuru.

Aliyeona ni mama anayefagia. Alipita na ndoo, akamtazama usoni, akamfungua jicho. Hakuniuliza kitu. Akatupa ufagio, akaninyang'anya mtoto, akakimbia naye moja kwa moja kwa tabibu, mimi nyuma nalia. Mlangoni tu mtoto akaanza degedege. Alipona, yuko darasa la tatu sasa. Lakini kila nikipita hospitali yoyote namtafuta yule mama wa ufagio, na sikuwahi kujua jina lake.

Mama_Pacha: Wuuui. Mungu ni mkubwa.

Opio_wa_Stendi: Askari huyo angefukuzwa kazi.

Nesi_Zamu_Moja: Afukuzwe kwa nini? Nani alimfundisha? Degedege, mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kulegea kupita kiasi: tunafundishwa sisi kwamba huyo hangoji. Askari alifundishwa kufungua geti.

Mpima_Saa: Mama Aisha, pole sana, na asante. Nimetazama ramani yangu sasa hivi. Ina karani, nesi, tabibu, maabara, dirisha la dawa. Askari hayumo. Mfagiaji hayumo. Na ile saa ya ukweli, pale mgonjwa anapoamua kama hapa mahali panamjali au la, kwako ilikuwa mikononi mwa hao wawili. Nesi, mngeweza kumwelekeza askari hizo dalili nne?

Nesi_Zamu_Moja: Kwa asubuhi moja. Lakini meza ya kutazama wagonjwa nayo ihamishiwe kabla ya karani. Jina litaandikwa baadaye.

Karani_Mstaafu: Na takwimu je? Mtu anaingia bila kuandikwa, mwisho wa mwezi unaripoti nini? Mtaniambia.

Fundi_Maabara: Narudi kwa yule mzee. Kipimo cha haraka cha malaria ni dakika 15 hadi 20. Kama damu ilitolewa 4:50, jibu lilikuwepo 5:10. Alionwa 7:15. Hizo saa mbili na ushee msinitupie mimi.

Mpima_Saa: Karatasi ilitoka maabara saa 6:05, ndugu yangu. Dakika 55 ilikuwa kwenye sinia.

Fundi_Maabara: Haya, hapo umenikamata. Tunangoja sinia lijae, majibu ishirini hivi, ndipo mtu apeleke. Niko peke yangu, nikitoka kwa kila jibu nani atatoa damu? Lakini dakika 70 zilizobaki ni benchi la tabibu.

Dada_Busia: Kwetu tabibu anaita mmoja mpya, mmoja wa majibu, mmoja mpya, mmoja wa majibu. Ilisaidia.

Mama_Pacha: Ilisaidia wa majibu. Mpya anakaa hadi jioni.

Fundi_Maabara: Na kama sinia bado linaletwa mara moja kwa saa, hao wa majibu wanafika wote kwa mkupuo. Tabibu atapishanisha nini? Anzeni kwangu. Nipeni mtu wa kubeba karatasi kila baada ya majibu matano.

Mpima_Saa: Na dawa? Mzee aliambiwa imekwisha mwishoni kabisa. Mzigo huja kila baada ya miezi miwili, na wa dirishani walijua tangu juzi yake kwamba boksi ni tupu.

Nesi_Zamu_Moja: Waandike ubaoni asubuhi kilichokwisha. Tabibu akijua mapema atamwambia mgonjwa pale pale, au atamwandikia kilichopo kama kipo kinachofaa.

Karani_Mstaafu: Ukiandika ubaoni "dawa hakuna", watu watarudi nyumbani bila hata kupimwa.

Kwaheri_Foleni: Angalau watarudi saa mbili asubuhi, si saa nane mchana na njaa.

Nesi_Zamu_Moja: Ubao ukae chumbani kwa tabibu, si getini. Kwaheri, leo tumekubaliana, weka tarehe.

Mpima_Saa: Kesho naanza na mgonjwa mwingine, mama mwenye mtoto. Safari hii nitakaa kwanza na askari kuanzia saa 12:30 asubuhi. Mama Aisha, ni kituo gani kile? Niandikie pembeni, si hapa.

Opio_wa_Stendi: Nikuletee boda?