"Mfumo umekataa" siyo sababu! Taasisi za umma zijibu kama sheria inavyotaka

Mkereketwa wa Chamwino:
Wakuu, hili limetufika shingoni. Mtu anaomba ajira au mkopo wa halmashauri kwenye mfumo, dakika ileile anapata "Hujakidhi vigezo". Anapanda daladala mpaka Mtumba kuuliza, afisa anamgeuzia kioo cha kompyuta: "Unaona? Mfumo umekataa." Kigezo kipi? Hajui. Nani alithibitisha? Hakuna.

Mamlaka ya kukubali au kukataa yamewekwa mikononi mwa afisa, kamati au bodi, siyo mwa programu. Afisa anayesema hawezi kuligusa jibu la mfumo ameiacha kazi aliyopewa na sheria, na hilo peke yake linatosha kuutia dosari uamuzi wake.

Chukueni suala la majina, maana ndilo linaloumiza wengi. Kwenye NIDA jina la kati limeandikwa kwa kirefu, kwenye cheti cha shule limeandikwa herufi moja tu. Binadamu akitazama tarehe ya kuzaliwa na nyaraka nyingine ataona ni mtu yuleyule. Mfumo uliopangwa kulinganisha herufi kwa herufi unaona watu wawili. "Mohamed" na "Mohammed" nao ni vivyo hivyo. Sasa kwa kuwa jibu halisemi kasoro iko wapi, mwombaji anadhani elimu yake haitoshi. Mwakani anakuja na cheti cha ziada, anakatwa tena kwa herufi ileile!

Jibu lenye sababu lingesema: jina la kati kwenye cheti halilingani na NIDA, tumesoma hivi na hivi, leta kiapo cha majina, ukipinga andika kwa fulani. Mistari minne. Katiba ibara ya 13(6)(a) inatoa haki ya kusikilizwa mbele ya mahakama "au chombo kinginecho". Na Mahakama Kuu ilishasema mwaka 1996, kesi ya Tanzania Air Services dhidi ya Waziri wa Kazi, kwamba kutoa sababu ni sehemu ya haki ya asili. Kompyuta haijaifuta hukumu hiyo.

Kijana wa Nkuhungu:
Mkuu umesahau kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekataza kabisa mashine kumwamulia mtu. Uamuzi wote huo ni batili.

Wakili Makole:
Kijana, umeshika nusu. Kifungu cha 36 hakikatazi moja kwa moja. Kinakupa haki ya kuitaka taasisi kwa maandishi isikuamulie jambo zito kwa mashine peke yake, na kama imeshaamua hivyo, kuitaka iangalie upya. Ina misamaha pia, ukiwemo wa uamuzi ulioruhusiwa na sheria nyingine. Taasisi itakimbilia hapo. Je, mwongozo wa ndani unaosema "maombi yote kupitia mfumo" ni ruhusa ya sheria? Mimi nasema hapana, kupokea maombi siyo kuyaamua. Lakini hoja hiyo itabishaniwa.

Mama Ihumwa:
Na hawa wa mikopo ya simu wanaowapigia ndugu zako, nao tuwaandikie kifungu hicho?

Mkereketwa wa Chamwino:
Mama, hao ni kampuni binafsi, wana njia yao ya kulalamikiwa. Hapa tunadai ofisi za umma.

Mwana Kibaigwa:
Kikundi chetu kilikatwa mkopo wa ile asilimia kumi. Nilipiga simu, nikaambiwa nisubiri dirisha lingine. Nifanyeje?

Wakili Makole:
Simu haiachi ushahidi, ndugu yangu. Piga picha jibu likionekana na tarehe na saa. Kama limekuja sekunde chache baada ya kutuma, hiyo ni dalili nzuri kwamba hakuna mtu aliyesoma. Muandikie Mkurugenzi: taja namba ya ombi, uliza kigezo, taarifa iliyosomwa na cheo cha aliyethibitisha, kisha omba uamuzi uangaliwe upya na mtu. Pitisha masjala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ila usilale ukisubiri. Kibali cha mapitio ya mahakama huombwa Mahakama Kuu ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na barua zako hazisimamishi siku. Hapo ndipo wengi wanakwama.

Mwana Kibaigwa:
Nikishinda, tunapewa fedha?

Wakili Makole:
Hapana. Mahakama inaweza kuufuta uamuzi na kuwaamuru waamue upya kwa haki, haiwagawii mkopo. Kama fungu la mwaka limeshakwisha, sijaona jibu zuri.

Mkereketwa wa Chamwino:
Ndiyo maana nadai sababu itoke siku ileile ya kukataliwa, dirisha likiwa bado wazi.