Kanzu nyeupe imegeuka njano ndani ya sanduku, naomba ushauri kabla ya kwanjula

MwanaJinja
Asalaam aleikum na habari zenu wote. Jamani nina kanzu yangu ya 2019 ile yenye nakshi ya maruni kifuani, nimeivaa kama mara nne tu, harusi na kwanjula, yaani utambulisho ukweni, basi. Mara ya mwisho dobi aliirudisha imepigwa pasi vizuri ndani ya kavera nikaiweka hivyohivyo kwenye sanduku chini ya kitanda, ni kama mwaka na nusu sasa. Juzi nimeitoa maana mdogo wangu ana kwanjula wiki tatu zijazo na mimi ndo kaka mkubwa lazima niende, nakuta imekuwa njano shingoni, kwapani, na pia kuna mistari mirefu ya njano pale ilipokunjwa. Nikaona niweke blichi ya klorini kwenye mkono mmoja nijaribu, mkono ukazidi kuwa njano na maruni ya pale mwishoni ikatoa maji ya pinki. Nimeacha hapo. Nifanye nini, kununua mpya saa hii sina uwezo.

MamaSwabu
Pole kaka. Mimi natumia buluu ile ya unga, kidogo tu kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, nguo inatoka nyeupe kabisa. Kanzu za baba watoto zote nafanya hivyo kila Alhamisi jioni ili Ijumaa zikae safi.

DobiKisenyi
Mama buluu ni nzuri lakini kwa nguo ambayo tayari ni safi, yenyewe haitoi kitu, inadanganya jicho tu. Ukiiweka juu ya njano inaweza kutoka na ukijani hivi, nimeona kanzu nyingi zikiletwa ziko ka hiyo. Iwe ya mwisho.

MwanaJinja kwanza acha blichi, usiirudie hata tone. Halafu nijibu mambo mawili. Hiyo mistari ya njano, ukiifunua kanzu, iko upande wa nje wa mkunjo tu, na ndani palipofunikwa ni peupe? Na kitambaa ni pamba tupu au mchanganyiko? Kama hujui, vuta uzi mmoja kwenye pindo la ndani uuchome juu ya sahani. Ukiungua kama karatasi ukabaki majivu ni pamba, ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu kuna polista ndani.

MwanaJinja
Ndugu umejuaje!! Ndio, nje tu ndo njano, ndani ni peupe kabisa. Uzi umeungua nusu, umebaki na kidonge kidogo kigumu.

DobiKisenyi
Basi ni mchanganyiko, na unayo njano za aina mbili, usizitibu pamoja.

Ya mikunjo inatoka kwa kavera. Plastiki nyingi zinawekwa dawa ya kuzifanya zisiharibike haraka, dawa hiyo inahamia kwenye kitambaa polepole, ikikutana na moshi wa sigiri au wa magari inageuka njano. Ndo maana inashika pale palipogusana na kavera na hewa, palipofichwa panabaki peupe. Kama sabuni haikusuuzwa vizuri inakuwa mbaya zaidi. Uzuri wake hiyo ndo njano rahisi, haipendi asidi wala jua. Chukua siki nyeupe kikombe kimoja cha chai kwa lita tano za maji baridi, loweka nusu saa, suuza, anika juani ikiwa bado na maji. Ikififia ujue tulikuwa sahihi.

Lakini kabla ya kuiloweka jaribu maruni. Lowesha kitambaa cheupe, kikandamize kwenye nakshi dakika tano. Kikitoka na pinki usiiloweke nzima, ikunje ili nakshi ibaki nje ya beseni, fanya sehemu kwa sehemu. Na siki usiikutanishe na ile blichi hata kwa bahati mbaya, inatoa gesi inayochoma kifua, kwa hiyo ule mkono usuuze kwanza kwa maji mengi, mara nne au tano.

Bombo_Boy
Mi yangu ilikuwa na madoa ya rangi ya kutu sio njano, tunatumia maji ya borehole. Nikachemsha na sabuni ikawa mbaya zaidi. Hii siki itasaidia?

DobiKisenyi
Yako ni kutu kweli, Bombo_Boy, ya maji yenye chuma. Hapo ndimu au siki ndiyo, bila sabuni kwanza, na blichi ya klorini hapana kabisa maana inaikaza kutu. Halafu suuza ya mwisho utumie maji ya mvua ukipata.

Turudi Jinja. Shingo na kwapa ni jasho na mafuta ya mwili, na kwapani mara nyingi ni ile dawa ya kuzuia jasho. Shingoni tumia sabuni ya vyombo, paka upande wa ndani kwa mswaki laini, acha robo saa, suuza. Kwapani nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, changanya na baking soda kidogo iwe kama uji mzito, paka kwapani tu, acha nusu saa hadi saa moja, suuza. Rudia kesho yake kama haijatoka. Isiguse maruni. Kama kanzu ni ya hariri hii yote usifanye, peleka kwa mtu anayejua hariri.

Hajat_K
Kuhusu jua mimi sikubaliani, jua kali linafanya nyeupe kuwa njano, sisi tunaanika kivulini toka zamani.

DobiKisenyi
Hajat, jua linaharibu ikiwa sabuni imebaki ndani. Ikisuuzwa sawasawa jua linang'arisha. Ila geuza upande wa nje uwe ndani, maana maruni inapauka.

Hajat_K
Kwa pamba sawa. Kwa hizi za mchanganyiko bado sina imani, nimeona zikigeuka hata zilizosuuzwa.

MwanaJinja *(siku tisa baadaye)*
Naleta majibu. Mistari ya mikunjo imeondoka yote, nimeloweka kwenye siki mara mbili nikaanika juani, sijaamini macho yangu. Shingo imekuwa sawa. Kwapa la kulia limetoka, la kushoto limebaki kivuli kidogo ila kooti litafunika. Ule mkono wa blichi haujabadilika. Na sasa nikishamaliza kwanjula niiweke wapi isirudi hivyo?

DobiKisenyi
Mkono huo kwa mchanganyiko mara nyingi hautoki, fundi cherehani anaweza kukubadilishia kipande, muulize anayeweka omulela, yaani hiyo nakshi, akulinganishie rangi ya uzi.

Kuhusu kuiweka, ifue siku hiyo hiyo hata kama umeivaa saa mbili tu na unaiona safi, jasho halionekani leo, litaonekana baada ya miezi. Usiitie wanga, na pasi piga siku ya kuvaa. Ikauke kabisa, msimu wa mvua iache siku mbili. Ifunge ndani ya shuka kuukuu jeupe la pamba lililosuuzwa vizuri, lisiwe gazeti, lisiwe kavera, wala isigusane na mbao za kabati. Kila miezi mitatu ifungue uikunje mahali pengine.

MamaSwabu
Kumbe gazeti pia hapana? Zangu zote ziko kwenye gazeti. Naenda kuzitoa sasa hivi.